Maelezo ya Kazi ya Afisa Utumishi wa Kwanza: Majukumu, Mamlaka na Sifa

Maelezo ya kazi ni hati inayoeleza mambo manne kuhusu nafasi moja ya ajira: kazi zinazofanywa na mwenye nafasi hiyo, mtu anayewajibika kwake, mamlaka aliyopewa katika kutekeleza kazi hizo, na sifa anazopaswa kuwa nazo. Kwa mwajiri wa sekta binafsi nchini Tanzania hati hii ni takwa la kisheria, kwa kuwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, pale anapoanza kazi, taarifa ya maandishi yenye jina, umri, anwani ya kudumu na jinsi yake, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo na saa za kazi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Afisa utumishi, ambaye katika kampuni nyingi siku hizi huitwa afisa rasilimali watu, ndiye anayeandaa taarifa hizo kwa wafanyakazi wengine wote. Kwa hiyo hati yake mwenyewe ikiwa na kasoro, kasoro hiyo haibaki kwake, kwani mtu asiyejua mipaka ya mamlaka yake ataandaa na kusaini nyaraka za watu wengi bila uhakika kwamba ana haki ya kufanya hivyo.

Suala hili hujitokeza kwa uzito zaidi pale nafasi inapoanzishwa kwa mara ya kwanza. Chukuliwe mfano wa kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Simiyu, chenye wafanyakazi 60 wa kudumu na wengine 140 wanaoingia wakati wa msimu wa ununuzi wa pamba, ambacho tangu kuanzishwa kwake hakijawahi kuwa na afisa utumishi. Katika kiwanda cha namna hiyo kazi za utumishi hufanywa tangu siku ya kwanza, ila hufanywa vipande vipande na watu mbalimbali. Mhasibu hutunza mafaili kwa sababu kabati lenye kufuli liko ofisini kwake, karani wa mahudhurio huandika wanaoingia na kutoka, msimamizi wa zamu huchagua vibarua getini asubuhi, na meneja uzalishaji huandika barua za onyo kwa maneno anayoyaona yanafaa. Anayeandika maelezo ya kazi ya afisa mpya bila kwanza kuorodhesha vipande hivi, na bila kueleza ni kipi kitahama kwa nani na lini, huishia kuongeza mtu wa tano katika kazi ambayo tayari ina watu wanne, na mgongano huanza mwezi huohuo.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni uchambuzi wa kazi, yaani kukusanya taarifa za kazi jinsi inavyofanyika kwa sasa kabla ya kuamua jinsi itakavyofanyika baadaye. Njia rahisi ni kufuata mfanyakazi mmoja wa msimu tangu anapofika getini hadi anapolipwa mara ya mwisho, na katika kila hatua kuuliza ni karatasi gani inaandikwa, nani anaisaini na inahifadhiwa wapi. Katika kiwanda cha mfano jibu litaonyesha kwamba mfanyakazi wa zamu ya usiku anaweza kuanza kazi, akapanga marobota kwa wiki mbili, na jina lake likawa bado limeandikwa tu kwenye daftari la getini, bila mkataba, bila taarifa ya kifungu cha 15 na bila namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Pengo kama hilo ndilo linalopaswa kuzaa jukumu la kwanza la afisa mpya, na kila jukumu linalofuata litoke katika pengo jingine lililoonekana kwa njia hiyohiyo.

Waandishi wengi wa hati hizi huchukua njia ya mkato, ambayo ni kunakili matangazo ya nafasi za kazi serikalini. Katika utumishi wa umma majukumu ya Afisa Utumishi wa Daraja la II yametokana na muundo wa maendeleo ya utumishi, yaani waraka unaopanga ngazi za kada moja kote serikalini, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huyarudia takribani neno kwa neno kila inapotangaza nafasi. Majukumu hayo yana maana mahali yalipotoka. Kuandaa ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa na kutengewa bajeti ya mishahara, ni kazi kubwa katika halmashauri inayosubiri kibali cha ajira kutoka serikalini, lakini kiwanda chenye meneja mkuu mmoja anayeamua idadi ya wafanyakazi kwa kutazama bei ya pamba hakina ikama ya aina hiyo. Afisa aliyeajiriwa kwa hati ya kunakili hujikuta ana majukumu ambayo hakuna anayemdai, huku kazi anazodaiwa kila siku hazimo kwenye hati yake.

Ubora wa hati hujulikana kwanza kwa vitenzi vyake. Jukumu lililoandikwa “kusimamia masuala yote ya wafanyakazi” haliwezi kupimwa wala kugawanywa, na halimwambii mwenye kazi asubuhi ya Jumatatu aanze na nini. Jukumu hilohilo likiandikwa kwamba afisa “ataandaa taarifa ya maandishi ya masharti ya kazi kwa kila mfanyakazi mpya, atahakikisha imesainiwa kabla mfanyakazi hajapangiwa zamu, na atahifadhi nakala yake kwenye faili”, basi kila mtu kiwandani anajua nani ana kazi gani, na meneja anaweza kufungua mafaili 10 yoyote na kuona kama kazi imefanyika. Kifungu hichohicho cha 15 kinaongeza kwamba mfanyakazi asiyeelewa taarifa hiyo aelezwe kwa namna anayoielewa. Huko Simiyu, ambako vibarua wengi wanakijua zaidi Kisukuma kuliko lugha ya mikataba, jukumu la kuwasomea na kuwaeleza masharti kabla ya kusaini linastahili kuandikwa waziwazi, kwani lisipoandikwa saini itatangulia na maelezo yatasubiri ugomvi.

Umuhimu wa nyaraka hizi huonekana mgogoro unapofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi kabla haijafika mahakamani. Sheria inasema kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba au taarifa ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Mfanyakazi anayedai kwamba alikubaliwa ujira fulani kwa siku hahitaji karatasi kwanza. Anayeihitaji ni kiwanda, na kama faili ni tupu, maneno ya mfanyakazi ndiyo yatakayobaki na nguvu. Zaidi ya hayo, mwajiri anatakiwa kuzitunza taarifa hizo kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma, jambo linalomaanisha kwamba jukumu la masjala, yaani chumba na utaratibu wa kuhifadhi mafaili, lazima liwataje hata walioondoka msimu wa miaka minne iliyopita.

Mamlaka nayo yanahitaji kuandikwa kwa uangalifu uleule, kwa kuwa kuna tofauti kubwa kati ya kuandaa, kupendekeza, kushauri na kuidhinisha. Katika kiwanda cha mfano afisa anaweza kuidhinisha mwenyewe likizo ya mwaka ambayo msimamizi wa sehemu ameikubali, kwa sababu siku 28 zimewekwa na sheria na kilichobaki ni kupanga tarehe. Anaweza kupendekeza nani aajiriwe baada ya usaili, lakini anayeidhinisha ni meneja mkuu. Katika kuachisha kazi anashauri kuhusu utaratibu, na uamuzi haumo mikononi mwake. Hati isiyotenganisha vitenzi hivi humwacha afisa kati ya hatari mbili: ama atasaini barua ambayo hana mamlaka nayo na kukiingiza kiwanda katika wajibu ambao uongozi haukuukubali, ama ataogopa kusaini hata barua ya utambulisho na kupeleka kila karatasi kwa bosi.

Mshahara ndio mahali ambapo mgawanyo wa mamlaka una gharama inayoonekana upesi. Uhakiki wa watumishi wa umma uliofanyika Tanzania mwaka 2016 uliibua majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila kuwepo mtu anayefanya kazi, na jambo hilo halihusu serikali peke yake. Jina hewa huzaliwa kwa wepesi pale mtu mmoja anapoweza kuingiza jina kwenye orodha ya malipo, kukokotoa fedha na kuzitoa. Maelezo ya kazi ya afisa utumishi yanapaswa kusema kwamba yeye huandaa orodha ya mabadiliko ya mwezi, yaani walioingia, waliotoka, saa za ziada na likizo bila malipo, na kwamba mkono wake unaishia hapo. Mhasibu hukokotoa na kuandaa malipo kwa kutumia orodha hiyo, na meneja mkuu huidhinisha. Ikiwa mhasibu ataona jina lisilo na faili, anapaswa kulirudisha. Ikiwa afisa ataona malipo ya mtu aliyeacha kazi, naye anapaswa kuhoji. Tarehe nazo ziandikwe kwenye hati: orodha ya mabadiliko imfikie mhasibu ifikapo tarehe 20, kwa kuwa kodi ya mapato ya wafanyakazi ya mwezi husika inatakiwa kulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na makosa ya orodha iliyochelewa hayasahihishwi kwa siku mbili.

Kutokana na mgawanyo huo, jibu la swali la uwajibikaji linaanza kuonekana. Viwanda vingi vya ukubwa huu humweka afisa utumishi chini ya mhasibu mkuu, kwa hoja kwamba sehemu kubwa ya kazi yake inahusu mishahara na kwamba kabati la mafaili tayari liko huko. Mpangilio huo unavunja udhibiti ulioelezwa hapo juu, kwa sababu anayepaswa kuhoji orodha ya malipo anakuwa chini ya anayeiandaa, ambaye pia ndiye atakayempima utendaji wake mwisho wa mwaka. Kumweka chini ya meneja uzalishaji ni vibaya zaidi, kwani wafanyakazi wengi wako katika idara hiyo na malalamiko mengi yatahusu wasimamizi wake. Katika kiwanda cha mfano, afisa awajibike moja kwa moja kwa meneja mkuu, na hati itaje cheo hicho, isitumie neno “uongozi”, kwa sababu mtu anayewajibika kwa uongozi kwa jumla hupokea maagizo kutoka kwa kila mwenye ofisi. Ni kweli kwamba meneja mkuu ana mambo mengi na anaweza kukosa nafasi ya kumsimamia afisa kila siku, lakini kikao kimoja cha nusu saa kwa wiki kinatosha kwa nafasi hii, ilhali udhaifu wa udhibiti haufidiwi na usimamizi wa karibu wa mtu asiyefaa kusimamia.

Uwajibikaji una upande wa chini pia. Karani wa mahudhurio, ambaye hapo awali alikuwa chini ya uzalishaji, ahamishiwe kwa afisa utumishi, kwa kuwa daftari la mahudhurio ndilo chanzo cha saa za ziada na halipaswi kutunzwa na idara inayonufaika kwa kuziandika pungufu au kuzizidisha. Wasimamizi wa zamu hawawi chini yake. Uhusiano wake nao ni wa huduma na ushauri, na hati iseme hivyo kwa sentensi moja, ili afisa asidhani kwamba ana haki ya kumpangia msimamizi watu wa zamu, na msimamizi asidhani kwamba anaweza kuendelea kuajiri getini.

Nidhamu inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu ndiko wajibu wa afisa unakochanganywa mara nyingi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya sheria za kazi, zinamtaka mwajiri achunguze tuhuma, amwarifu mfanyakazi kwa lugha anayoweza kuielewa, ampe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, amruhusu kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mwakilishi wa menejimenti mwenye ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na mazingira ya shauri. Pale ambapo hati inasema tu kwamba afisa “atashughulikia nidhamu”, yeye ndiye atakayechunguza, ataandika mashtaka, atakaa kwenye kiti cha mwenyekiti na ataandika barua ya kuachishwa kazi. Shauri la wizi wa marobota lililo na ushahidi wa kutosha linaweza kuanguka mbele ya Tume kwa kasoro hiyo ya utaratibu pekee, na kiwanda kikaamriwa kumlipa fidia mtu ambaye kosa lake lilithibitika. Maneno yanayofaa ni kwamba afisa atawashauri wasimamizi kuhusu utaratibu, ataandaa hati za wito, atakuwa katibu wa kikao na atatunza kumbukumbu zake, na kwamba hataongoza kikao wala kuchunguza tuhuma ambayo baadaye atatakiwa kuiandikia kumbukumbu. Uchunguzi ufanywe na msimamizi wa idara nyingine, na kiti cha mwenyekiti kikaliwe na meneja asiyehusika.

Sifa za mwombaji zinapaswa kutokana na majukumu haya, na hapo ndipo kishawishi cha kuongeza kinapokuwa kikubwa. Shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka saba huonekana vizuri kwenye tangazo, lakini kwa nafasi ya ngazi hii huleta mtu atakayeondoka kabla msimu wa pili haujaanza. Stashahada au shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, utawala au mahusiano kazini kutoka chuo kinachotambulika, kwa mfano Chuo Kikuu Mzumbe au Chuo cha Utumishi wa Umma, pamoja na uzoefu wa miaka miwili au mitatu mahali penye wafanyakazi wa uzalishaji, vinatosha. Kinachohitaji msisitizo zaidi ni ujuzi wa sheria za kazi unaoweza kupimwa katika usaili. Swali moja la kufaa ni hili: je, mfanyakazi wa msimu aliyefanya kazi miezi minne anastahili likizo yenye malipo? Mwombaji aliyesoma juu juu atajibu kwamba hastahili kwa kuwa hajafikisha miezi sita, ilhali sheria imewatoa wafanyakazi wa msimu katika sharti hilo la miezi sita na kuwapa haki hiyo. Kiwanda chenye watu 140 wa msimu kitalipia jibu lisilo sahihi kila mwaka.

Tangazo linalotokana na hati lazima pia lipite kwenye kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo, kinachokataza ubaguzi kwa misingi kama vile kabila, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na ambacho kinamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Sharti la “umri usiozidi miaka 35” au “awe mwanamume kwa sababu ya mazingira ya kiwanda” halina nafasi katika kazi ya mezani. Sheria inaruhusu tofauti inayotokana na hitaji la msingi la kazi yenyewe, na uwezo wa kuzungumza Kisukuma unaweza kutetewa kwa msingi huo, kwa kuwa kueleza mikataba ni jukumu lililoandikwa. Lakini liandikwe kama ujuzi wa lugha, ambao mtu wa kabila lolote anaweza kuwa nao, na lisiandikwe kama asili ya mtu.

Uhakiki wa vyeti uingizwe sehemu mbili, kama sharti kwa afisa mwenyewe kabla ya kuthibitishwa na kama jukumu lake kwa wengine. Taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mwezi Aprili 2017 ilionyesha watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, wengi wakiwa wameshapokea mishahara kwa miaka. Kwa fundi umeme wa kiwanda, cheti cha kughushi si suala la uadilifu tu, kwa kuwa mtu huyo ndiye anayezima mtambo vumbi la pamba linaposhika moto.

Hati nyingi humalizika kwa sentensi inayojulikana na kila mwajiriwa: “kufanya kazi nyingine kama atakavyoelekezwa na msimamizi wake wa kazi.” Sentensi hiyo ina faida yake, kwa kuwa hakuna hati inayoweza kutaja kila dharura, na afisa utumishi anayekataa kusaidia siku ya mzani kuharibika hana hoja. Lakini ikiachwa bila mpaka huigeuza nafasi nzima, na dalili huonekana mapema: afisa anaanza kwa kufuata barua posta, kisha ananunua maji ya ofisi, kisha anasimamia mzani msimu wote, na mikataba ya vibarua inarudi getini ilikokuwa. Mpaka unaofaa ni kuongeza maneno “zinazohusiana na nafasi hii, na kwa muda usiozidi wiki mbili”, na baada ya muda huo mabadiliko yashughulikiwe kama mabadiliko ya hati. Sheria imeshaweka utaratibu wake: jambo lolote lililomo katika taarifa ya kifungu cha 15 likibadilika, mwajiri anairekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi.

Kwa nafasi mpya marekebisho hayo yatarajiwe tangu mwanzo, na muda wa majaribio ndio wakati wake. Kanuni za mwaka 2007 zinaelekeza kwamba muda huo uwe wa kiasi na usizidi miezi 12, na kwa kiwanda cha pamba ni busara ujumuishe msimu mmoja kamili, kwa kuwa afisa aliyeajiriwa Januari na kuthibitishwa Aprili hajaonekana akiingiza watu 140 katika wiki tatu. Vipimo vyake vitoke katika majukumu yenyewe: mafaili mangapi yana taarifa iliyosainiwa kabla ya zamu ya kwanza, orodha ya mabadiliko ilimfikia mhasibu tarehe ngapi kila mwezi, vikao vya nidhamu vilivyofanyika vina kumbukumbu kamili au la. Mwisho wa msimu meneja mkuu na afisa wakae na hati ileile mbele yao, wapitie jukumu moja baada ya jingine, wafute lile ambalo halikufanywa na yeyote wala kukosekana, waandike lile lililofanywa kila wiki bila kutajwa, kisha wote wawili wasaini toleo jipya, nakala moja iingie kwenye faili la afisa na nyingine ibaki kwake.